Barua kwa Dada Mwanaidi

Tanga, Jumamosi, 14 Juni 2025

Dada yangu Mwanaidi,

Assalaamu alaykum. Maneno haya nimekuwa nikiyaandika vipande vipande nyuma ya daftari la nazi, kila yaliponijia. Leo nimevikusanya vyote, nimeona nisipokutumia sasa sitakutumia tena.

Naanza na lile lililotufarakanisha. Mwaka 2019, Baba alipofariki, nilikuandikia kwamba kwako pesa zinafika ila mtu hafiki. Nisamehe, dada. Roho ilimtoka saa tisa usiku, tukamzika siku ileile baada ya adhuhuri. Nimepiga hesabu mara nyingi: ndege ya Maskati hadi Dar ni saa tano na ushee, na basi la kuja Tanga ni saa sita barabara ikiwa nzuri. Hata ungeondoka papo hapo usingewahi kumtia mchanga. Tena nimekuja kujua kwamba pasi yako ilikuwa mikononi mwa tajiri wako. Hukuniambia, nami sikuuliza. Sanda na chakula cha matanga vyote vilitoka kwenye pesa zako, na mbele ya watu sikukutaja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Shamba la Pongwe halijauzwa, wala sijaligawa. Wanaokuambia vingine wanakudanganya. Madeni ya Baba tulilipa kwanza, kwa nazi za mwaka ule. Kwa hesabu ya mirathi aliyotupigia Shehe, mali ni mafungu 24: Mama matatu, mimi 14, wewe saba. Minazi inayozaa ni 48, kwa hiyo sita ya Mama, 28 yangu, 14 yako. Yako ni ile safu ya upande wa kisima. Tunaangua kila baada ya miezi mitatu. Natoa ya mkwezi na ya gari, kinachobaki nakigawa kwa mafungu hayohayo na kukiandika. Hadi mwezi huu una shilingi 1,180,000, na sijazigusa. Nitakupigia picha kurasa zote. Nahitaji jina lako kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo ili nifungue mirathi Mahakama ya Mwanzo. Nimekataa kufungua bila wewe, maana kikao kikiandikwa watoto waliopo tu, kesho haki yako utaanza kuidai kwa mashahidi.

Sasa Mama. Magoti ni yaleyale, lakini macho yameharibika. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi. Sindano hawezi tena kuitunga uzi, na chai anaimimina huku kidole kimeshika ndani ya ukingo wa kikombe, ajue imefika wapi. Atapasuliwa Jumatano, 2 Julai, jicho moja kwanza. Halazwi, anarudi jioni ileile. Baada ya hapo ni matone kwa wiki kadhaa, asijifikiche, asiiname, asinyanyue ndoo, na aswali amekaa kitini. Moshi wa kuni ndio ninaouogopa, nimemnunulia mtungi wa gesi. Ameshaghairi mara mbili. Anasema, "Nikifumbwa macho nisifumbuke, Mwanaidi nitakuwa sijamsikia."

Basi dada, nakuomba hili kabla ya mengine yote: mrekodie sauti. Najua simu za wasapu kwako huwa hazipiti, lakini sauti ya kurekodi inafika. Usimtumie kwenye simu yake, hawezi kuifungua. Tuma kwangu usiku wa Ijumaa, saa tano yako, kwetu saa nne, nitakuwa nimekaa naye barazani. Usimweleze ya kazi. Mwambie umekula nini, na umwite "Mamangu" kama zamani.

Kuna kitu hakijui mtu ila mimi na yeye. Tangu ulipoondoka 2011 anakusukia mkeka. Ukili umekaa juu ya kabati, umeviringwa kama gurudumu, upana wa vidole vitatu. Pale ulipoanza mstari umekaza, huwezi kupitisha hata kijiti. Ukiufuata kuja nje unaona mahali macho yalipoanza kuharibika: chane zinapishana, ukingo unapinda. Nilimwambia afumue ile sehemu mbaya, akakataa. Kuushona hataki, anasema mkeka hushonwa mwenyewe akiwepo, ujulikane urefu wake.

Huna haja ya kujibu mengi. Kama una hasira nami niambie, nitazipokea. Nauli ukiitaka, pesa zako za nazi zipo, na nikiongeza zangu zinatosha kwenda na kurudi.

Mama ameniuliza sasa hivi nakuandikia nini. Anataka kujua kama zambarau bado ndiyo rangi yako, maana chane za mwisho hajazichemsha na rangi.

Mdogo wako,
Bakari