Barua kwa mdogo wangu, Wete

Mdogo wangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Umeuliza kwa nini mwanao hakutiwa dawa Jumatatu. Kila dozi hutanguliwa na kipimo cha damu. Dawa huua seli za saratani, lakini uboho unaotengeneza damu nao huumia, na chembe nyeupe zinazopigana na maradhi hushuka. Zile ziitwazo nyutrofili zilikuwa 400. Chini ya 500, maambukizi madogo yaweza kumuua. Daktari kaahirisha wiki moja, zipande kwanza. Nililia, nikidhani wamekata tamaa naye! Chembe sahani zake, zile zinazogandisha damu, ziko sawa, hatoki damu fizini.

Ukiwa na mafua usije, nakuomba sana. Joto likifika 38, hata usiku wa manane, tunakimbilia hospitali.

Dada yako, Unguja