Bajeti ya Kufunga Mradi wa Maji na Usafi wa Mazingira, Vijiji 14 vya Wilaya ya Kilosa

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji; nakala kwa Ofisa Ruzuku wa Mfadhili
Kutoka: Meneja Fedha na Utawala, Morogoro
Tarehe: 15 Desemba 2025
Mwisho wa mradi: 31 Machi 2026. Mwisho wa malipo yote: 29 Juni 2026

Naomba idhini ya Sh. 57,800,000 za kufunga mradi, zitengwe sasa hivi kwenye fungu lake na zisiguswe kwa shughuli nyingine. Hatuombi fedha mpya: Sh. 41,200,000 zitoke kwenye salio la fungu la mafunzo na Sh. 16,600,000 kwenye fungu la uendeshaji wa ofisi. Mishahara ya Januari hadi Machi, pamoja na michango ya NSSF na WCF, ipo kwenye bajeti ya kawaida na haimo humu.

| Fungu | Maelezo | Kiasi (Sh.) |
|---|---|---|
| 1.1 | Kiinua mgongo, wafanyakazi 6 | 15,435,000 |
| 1.2 | Likizo ambazo hazijachukuliwa, wafanyakazi 8 | 4,540,000 |
| 1.3 | Nauli na mizigo kurudi mahali pa kuajiriwa, 3 | 3,200,000 |
| 2 | Makabidhiano na uondoshaji wa mali | 4,400,000 |
| 3 | Kurudisha ofisi ya Kilosa kwa mwenye nyumba | 1,625,000 |
| 4 | Mikutano ya makabidhiano, vijiji 14 × 150,000 | 2,100,000 |
| 5 | Ukaguzi wa mwisho wa hesabu | 18,500,000 |
| 6 | Utunzaji wa kumbukumbu, miaka 7 | 8,000,000 |
| | Jumla | 57,800,000 |

Fungu la 1: Wafanyakazi

Hili ndilo fungu ninaloomba lisipunguzwe hata shilingi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mshahara wa siku tumeupata kwa kugawa wa mwezi kwa 26.

| Nafasi | Msingi kwa mwezi | Miaka | Kiinua mgongo (Sh.) |
|---|---|---|---|
| Meneja wa Mradi | 3,900,000 | 5 | 5,250,000 |
| Mhandisi wa Maji | 2,600,000 | 4 | 2,800,000 |
| Mhasibu | 2,080,000 | 5 | 2,800,000 |
| Ofisa Jamii (1) | 1,560,000 | 5 | 2,100,000 |
| Ofisa Jamii (2) | 1,560,000 | 3 | 1,260,000 |
| Dereva | 910,000 | 5 | 1,225,000 |

Mlinzi na mhudumu wa ofisi hawamo kwenye jedwali hili. Mikataba yao ni ya muda maalumu na inakwisha yenyewe 31 Machi, kwa hiyo watalipwa siku zao za likizo tu. Ofisa Jamii wa pili aliajiriwa 1 Juni 2022, na miezi yake 10 ya mwisho haihesabiwi kisheria. Ndani ya miezi hiyo ndipo alipozunguka na pikipiki vijiji vya milimani wakati mwenzake akiwa likizo ya uzazi. Napendekeza shirika limlipe Sh. 350,000 kutoka mfuko wake lenyewe, bila kumdai mfadhili.

Hakuna malipo badala ya notisi, mradi tarehe zifuatwe. Mazungumzo na wafanyakazi yaanze 12 Januari, yakiwa na taarifa zote za sababu na hesabu mezani, na barua zitoke 2 Februari. Hapo kila mmoja anapata zaidi ya siku 28 zinazotakiwa kwa mlipwaji wa mwezi. Barua zikisogea hadi katikati ya Machi, italazimu tulipe notisi ambayo haimo kwenye bajeti hii.

Nauli ni za Meneja (Arusha, Sh. 1,100,000), Mhandisi (Mwanza, Sh. 1,450,000) na Mhasibu (Dodoma, Sh. 650,000), wote wakiwa na familia na vyombo vya nyumbani. Zilipwe pamoja na stahili nyingine kabla ya 31 Machi. Tukimchelewesha mtu kusafiri, sheria inatudai posho yake ya kujikimu kwa siku zote anazosubiri, na mfadhili hatailipa. Cheti cha utumishi kitolewe siku hiyohiyo.

Fungu la 2: Mali

Land Cruiser iliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Kuiuza kwa mtu asiye na msamaha kunafufua kodi ile, na mnunuzi atapunguza bei kwa kiasi hicho. Ni busara zaidi kuikabidhi kwa RUWASA Wilaya ya Kilosa, kwa kibali cha maandishi cha mfadhili na taarifa kwa TRA. Tumetenga Sh. 1,800,000 za matengenezo ili isikabidhiwe ikiwa mbovu, na Sh. 650,000 za kuhamisha umiliki na kubadili namba za DFP.

Pikipiki 3 zinazotembea ziende kwa vyombo vya watumia maji vya jamii, pamoja na vipuri vyote vya pampu vilivyobaki stoo. Ya nne injini yake imekufa, itauzwa kwa mnada pamoja na samani chakavu (tangazo na dalali Sh. 900,000). Mapato ya mnada hayajaingizwa humu kwa sababu ni ya mfadhili na yatarudishwa kwake. Kompyuta zifutwe taarifa zote kabla hazijapelekwa shuleni, usafirishaji ukiwa Sh. 570,000. Vitendanishi vya kupimia maji vilivyokwisha muda viteketezwe ipasavyo, pamoja na betri mbovu, kwa Sh. 480,000.

Mafungu ya 3 na 4

Rangi na ukarabati wa ofisi Sh. 1,300,000, bili za mwisho za umeme, maji na intaneti Sh. 325,000. Mikutano ya vijiji ni ya kusoma mbele ya wananchi orodha ya mali wanazoachiwa, na kutia saini.

Fungu la 5: Ukaguzi

Ada ni Sh. 14,000,000, VAT ya asilimia 18 ni Sh. 2,520,000, na safari ya wakaguzi hadi vijijini Sh. 1,980,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5 itakatwa kwenye ada na kupelekwa TRA. Mkaguzi awe amesajiliwa na NBAA. Mkataba wake usainiwe kabla ya 27 Februari, kwa sababu mfadhili anakubali malipo ya baada ya 31 Machi pale tu ahadi ilipofungwa ndani ya muda wa mradi. Masurufu ya mwisho yatolewe 6 Machi na yarejeshwe ndani ya siku 10.

Mhasibu anaondoka 31 Machi, wakaguzi wanakuja Aprili. Kwa hiyo kila hati ya malipo ipangwe na stakabadhi zake mapema, na mhasibu wa makao makuu akae naye Kilosa wiki mbili za mwisho wa Machi ili maswali ya wakaguzi yapate wa kuyajibu.

Fungu la 6: Kumbukumbu

Mkataba wa ruzuku unadai miaka 7, zaidi ya miaka 5 ya sheria ya kodi. Maboksi 46 × Sh. 1,500 × miezi 84 ni Sh. 5,796,000, zilipwe zote mapema maana baada ya Juni hakutakuwa na fungu la kulipia. Kuskani nyaraka Sh. 1,750,000, diski mbili za nakala Sh. 454,000.

Ghala liwe Morogoro mjini. Mji wa Kilosa uliingiliwa na maji ya Mto Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na stoo yetu ya sasa iko sakafuni. Maboksi 9 yana orodha za mahudhurio zenye majina, simu na alama za vidole gumba vya wanavijiji. Ili kutimiza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, yafungwe kwa lakiri, na funguo ziwe kwa watu wawili tu.

Dharura haikutengwa kwa kuwa mkataba hauiruhusu. Naomba jibu la maandishi kabla ya 9 Januari 2026, ili mkutano wa tarehe 12 na wafanyakazi uanze tukiwa na uhakika wa fedha zao.

Meneja Fedha na Utawala