Yah: Bei mpya ya kahawa kuanzia ankara za Oktoba 2025

Majengo, Moshi
4 Septemba 2025

Kwa wateja wetu wa hoteli, migahawa na maduka, Moshi, Arusha na Dar es Salaam

Ndugu wateja wetu,

Habari za kazi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 bei ya kahawa yetu inapanda. Kilo moja ya kahawa iliyokaangwa, iwe nzima au ya kusaga, itatoka shilingi 28,000 hadi 33,000 kabla ya VAT. Ukiweka VAT ya asilimia 18, kilo itasomeka shilingi 38,940 kwenye ankara, badala ya 33,040 mliyozoea. Pakiti ya robo kilo, ile ya madukani, itatoka shilingi 7,500 hadi 8,700 kabla ya VAT.

Nimeanza na namba makusudi. Tulipopandisha bei mara ya mwisho, mwaka 2023, sikuandika barua. Wengi wenu mlikutana na bei mpya kwenye ankara yenyewe, na mmoja wenu alinipigia kutoka Arusha akaniuliza kama mhasibu wetu amekosea kuandika. Hakukosea. Niliyekosea ni mimi, na safari hii sitaki mtu ashtukie mezani kwake.

Kilichotokea wengi wenu mmekisikia. Brazil, inayolima arabika kuliko nchi yoyote, ilipigwa na ukame mwaka 2024, na Februari mwaka huu bei ya arabika kwenye soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho haikuwahi kukifikia. Mnada wetu wa hapa Moshi hauko kisiwani. Wanunuzi wanaokaa pale wanaitazama bei ya New York asubuhi kabla hawajataja ya kwao. Misimu miwili iliyopita tulikuwa tunapata kahawa mbichi ya daraja tunalolitumia kwa wastani wa shilingi 11,000 kwa kilo. Mzigo wetu wa mwisho tumeulipia 18,000.

Kuna jambo moja ambalo nje ya chumba cha kukaangia halionekani, na ndilo linalofanya hesabu iume zaidi. Kahawa hupungua uzito motoni. Jumamosi iliyopita nilisimama na vijana kwenye mzani: tukamimina kilo 15 za kahawa mbichi kwenye kikaango, tukasubiri mpasuko wa kwanza, ule mlio kama bisi, tukaiacha ifike rangi yenu, tukaimwaga kwenye sinia la kupoozea. Ilipopoa tukapima tena. Kilo 12 na gramu 600. Zile mbili na ushee zimeondoka na mvuke na maganda membamba, lakini tulizilipia. Kwa hiyo kahawa mbichi ya 18,000 inakuwa zaidi ya 21,000 ndani ya kila kilo mnayopokea, kabla ya gesi, mifuko yenye valvu, mishahara na usafiri. Kwa bei ya zamani, gharama hiyo hiyo ilikuwa kama 13,000.

Maana yake kahawa mbichi peke yake imetuongezea zaidi ya shilingi 8,000 kwa kilo. Tunawaomba 5,000. Iliyobaki tumeibeba wenyewe: tumeahirisha kununua kikaango cha pili, na mgao wangu wa mwaka huu umekuwa mdogo.

Zilikuwepo njia nyingine, na tulishauriwa. Mtu mmoja wa biashara hii aliniambia nichanganye robusta kidogo, nisiseme. Mwingine akasema pakiti ya gramu 250 niifanye 220 kwa mfuko ule ule, "nani atapima?" Mtapima ninyi, najua, maana mna mizani ya kupimia dozi kwenye kaunta zenu. Na wapishi wenu wa kahawa wangeona kwenye povu siku ya kwanza. Robusta ya Kagera ni kahawa nzuri kwa wanaoitaka, ila siyo mliyoagiza. Kahawa itabaki ile ile, uzito ule ule.

Siwafundishi biashara yenu, lakini nimefanya hesabu ya kikombe kwa sababu ndiyo wateja wenu watakayoiona. Espreso ya dozi mbili hula kama gramu 18. Ukitoa za kujaribia na zinazomwagika asubuhi wakati wa kurekebisha mashine, kilo moja hutoa vikombe 50 hivi. Shilingi 5,000 juu ya vikombe 50 ni shilingi 100 kwa kikombe, kabla ya VAT. Kwa wenye maduka hali ni tofauti, pakiti inasimama peke yake rafuni na mteja anaona bei nzima. Nikiweza kusaidia kwa kuja kuonjesha Jumamosi moja dukani kwenu, niambieni, nitakuja na birika langu.

Mambo yafuatayo hayabadiliki. Muda wa malipo unabaki siku 30. Mzigo wa kuanzia kilo 10 tunauleta bure Moshi na Arusha. Wa Dar utaendelea kupanda basi kwa nauli ile ile ya parseli. Kusafisha na kurekebisha visagio vyenu kila baada ya miezi mitatu bado ni bure. Wenye mkataba wa maandishi hadi Desemba wataendelea na bei ya mkataba hadi siku ya mwisho, msinitumie ujumbe wa wasiwasi.

Oda zitakazotufikia hadi Ijumaa ya tarehe 26 Septemba zitakuwa kwa bei ya sasa, na tutahakikisha zinafika kabla mwezi haujaisha. Mnaweza kuongeza hadi nusu ya mnachochukua kwa kawaida kwa mwezi. Zaidi ya hapo nitakataa, na siyo ubahili: kahawa iliyokaangwa ikikaa stoo miezi mitatu haitakuwa tena ile mnayoisifia.

Bei hii mpya tutaishikilia hadi tarehe 31 Machi 2026. Mwezi huo tutaangalia tena bei za mnada. Zikiwa zimeshuka, na yetu itashuka. Naandika hapa ili mnishike nayo.

Neno moja la pembeni. Baadhi yenu ni watoto wa Kibosho na Machame, mna wazee wenye kihamba. Sehemu ya fedha hii inafika huko, kwa watu waliowahi kufikiria kung'oa mibuni wapande nyanya. Kwa hilo sisikitiki, ingawa linanigusa mfukoni kama linavyowagusa ninyi.

Nawashukuru hasa wenye hoteli, ambao Aprili na Mei vyumba vilikuwa vitupu na bado mlilipa kwa wakati, hata ilipokuwa kilo tatu tu. Mishahara ya Mei hapa kiwandani ililipwa kwa fedha hizo.

Ambaye bei hii itambana kabisa asinyamaze akaondoka. Anipigie mwenyewe kwa namba iliyo juu ya ankara, mchana baada ya saa nane, kikaango kikiwa kimezimwa na ninaweza kusikia, tuone kama tunaweza kugawa oda mara mbili kwa mwezi au kubadilisha daraja.

Mtuwie radhi kwa usumbufu, na asanteni kwa kuendelea kuwa nasi.

Wenu katika kazi,

Mama Neema
Msimamizi, chumba cha kukaangia kahawa