YAH: RUFAA YA KUPINGA KUKATALIWA MAREJESHO YA GHARAMA ZA MATIBABU, SHILINGI 1,095,000

Sakina,
Arusha.
2 Machi 2026

Meneja wa Madai,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wa bima ya familia namba AR/2231/23. Barua yenu ya 12 Februari 2026 (kiambatisho A) imekataa kunirudishia fedha nilizolipa kwa matibabu ya mwanangu wa miaka 11, mtegemezi namba 02. Kifungu cha 11.2 cha mkataba kinanipa siku 30 za kukata rufaa, nami bado nimo ndani ya muda.

Mmetoa sababu tatu: kwamba hospitali haimo kwenye orodha yenu, kwamba nilichelewa kutoa taarifa, na kwamba ugonjwa haukuwa wa dharura. Naomba nianze na hii ya tatu. Ndiyo iliyoniuma, na zile nyingine mbili zinaitegemea.

Kama ilivyo kwa familia nyingi za huku, Desemba tulipanda Rombo kula sikukuu kwa bibi yake watoto, Mashati. Tarehe 24 mchana mtoto alilalamika tumbo kuuma kuzunguka kitovu. Tukadhani ni nyama na ndizi za sikukuu, bibi yake akampa maji ya moto. Jioni akatapika, akakataa chakula. Kufikia saa sita usiku maumivu yalikuwa yamehamia chini upande wa kulia, mwili unachemka, na hawezi kunyoosha mguu. Shemeji yangu akatafuta gari la jirani. Tulifika hospitali ya karibu saa 9 usiku na mtoto akalazwa saa 9:20, alfajiri ya Alhamisi tarehe 25.

Barua yenu inasema maumivu "yalianza tangu mchana, hivyo mgonjwa alikuwa na muda wa kupelekwa kituo kilichoidhinishwa." Aliyeandika sentensi hiyo naomba asome ripoti ya daktari mpasuaji (kiambatisho B). Imeandikwa wazi: kidole tumbo kimepasuka, kuna usaha ndani ya tumbo, upasuaji wa dharura. Kidole tumbo huanza hivyo hivyo, kwa maumivu ya kawaida ambayo mzazi yeyote angeyatuliza nyumbani, na kikishapasuka uchafu humwagika tumboni na mtoto anaweza kufa. Ninyi mnahesabu saa tangu alipoanza kulalamika. Daktari alihesabu tangu alipomgusa tumbo, akatuambia asisafirishwe. Vituo vyenu vilivyo kwenye orodha viko Moshi mjini na Arusha. Nilimuuliza daktari mwenyewe kama tunaweza kushuka Moshi usiku ule, akanijibu kuwa kila saa inayopita inamwongezea mtoto hatari. Nilisaini fomu ya kukubali upasuaji palepale (kiambatisho C). Muda wa kusaini umeandikwa juu yake: saa 10:05 alfajiri.

Kuhusu hospitali kutokuwemo kwenye orodha, sibishi. Haimo. Lakini kifungu cha 4.3 cha mkataba wenu (kiambatisho D, ukurasa wa 9) kinasema: "Mwanachama anaweza kutibiwa katika kituo kisicho kwenye orodha iwapo kuna dharura inayotishia uhai au kiungo, na kampuni itarejesha gharama halisi zisizozidi viwango vinavyolipwa kwa vituo vilivyo kwenye orodha." Barua yenu haikukitaja kifungu hiki hata kidogo. Kama mnaona kuna gharama iliyopita viwango vyenu, niambieni ni ipi na imepita kwa kiasi gani, tuizungumze hiyo. Kukataa zote kwa pamoja hakumo kwenye kifungu.

Sasa taarifa. Mmesema niliwajulisha tarehe 29, "siku nne baada ya kulazwa badala ya mbili." Kifungu cha 6.1 hakisemi siku mbili. Kinasema siku mbili za kazi. Na tafsiri yake ipo kwenye kifungu cha 2.9: siku ya kazi ni siku yoyote isipokuwa Jumamosi, Jumapili na sikukuu za umma. Alhamisi tarehe 25 ilikuwa Krismasi. Ijumaa tarehe 26 sikukuu. Tarehe 27 Jumamosi, tarehe 28 Jumapili. Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa Jumatatu tarehe 29, na saa 3:15 asubuhi ya siku hiyo nilizungumza na mhudumu wenu, akaniandikisha na kunipa namba ya taarifa 0417. Kwa hiyo niliwahi, tena kwa siku nzima.

Hata hivyo sikusubiri Jumatatu. Namba ya dharura iliyo nyuma ya kadi niliipiga tarehe 25 saa 10:40 alfajiri, mwanangu akiwa ndani ya chumba cha upasuaji, na tena saa 2 asubuhi. Haikupokelewa. Nikatuma ujumbe mfupi wenye namba ya uanachama na jina la hospitali. Picha za simu yangu zinaonyesha yote hayo (kiambatisho E). Namba inayoitwa ya dharura ingepokelewa usiku ule, mngeweza kunielekeza wenyewe.

Risiti halisi ziko kwenye kiambatisho F, zote za mashine ya kodi na zenye msimbo wa kuhakiki TRA. Ya kwanza, ya tarehe 25, ni ya daktari, vipimo vya damu na mkojo, na altrasaundi: shilingi 108,000. Ya pili, ya siku hiyo hiyo, ni ya upasuaji pamoja na dawa ya usingizi: 650,000. Ya tatu, ya tarehe 30 tuliporuhusiwa, ni ya kitanda usiku tano kwa 30,000 kila usiku, na dawa na vifaa vya 187,000, jumla 337,000. Zote tatu ni 1,095,000.

Kwenye madai yangu ya Januari kulikuwa pia na 64,000 za dawa tulizonunua duka la nje. Risiti yake imeandikwa kwa mkono, na kifungu cha 7.2 hakiikubali. Hapo mko sahihi, nimeiondoa. Hizo nyingine nazidai zote.

Fedha hizi tulizikopa kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na nimekuwa nikirejesha kila mwezi huku nikiendelea kulipa bima ya 95,000 bila kukosa hata mwezi mmoja tangu Machi 2023.

Naomba madai yapitiwe upya na daktari wenu mshauri, si karani peke yake, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14 kama mkataba unavyosema. Mkikataa tena, naomba jibu litaje kifungu mnachokitegemea, kwa kuwa nitalipeleka pamoja na viambatisho hivi ofisi ya TIRA Kanda ya Kaskazini hapa Arusha, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ripoti ya B ni nakala iliyogongwa muhuri. Ya asili ninayo nyumbani, na nitaileta siku yoyote mtakayoniita.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Aikande J.
Mwanachama mkuu, AR/2231/23

Viambatisho: A hadi F, kurasa 14.