Yah: Kikao kijacho ni Jumamosi tarehe 14 Novemba, Rau. Tusome sura ya pili

Ndugu wasomaji,

Habari za tangu kikao? Nimehesabu majibu yenu: saba mnataka Jumamosi, wanne Jumapili baada ya ibada. Basi ni Jumamosi, tarehe 14 Novemba, saa tisa alasiri. Saa tisa kweli, siyo ile ya harusini. Mara ya mwisho tulianza saa kumi na robo, na giza likatukuta hata hatujamaliza sura ya kwanza.

Kule mgahawani karibu na stendi haturudi. Mlijionea wenyewe: redio juu, makondakta nje wanaita abiria, na Babu Mushi kila baada ya sentensi mbili anauliza, "Amesemaje?" Mama Aika ametukaribisha kwake Rau. Ukishuka kwenye daladala mwambie bodaboda akupeleke kwenye geti la kijani lenye mwembe, nyuma ya kinu cha kusaga. Mvua za vuli zikishika, tutahamia sebuleni. Mtori upo, amesema mwenyewe. Sisi tuchange elfu mbili mbili za sukari, maziwa na kahawa, mpeni Neema mkifika.

Sasa kitabu. Tunaendelea na "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah, na safari hii tusome sura ya pili yote. Nataja sura, sitaji kurasa, maana wenye tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis na wenye ile ya Kiingereza ya 1994 kurasa zetu haziendani. Kikao kilichopita tulipoteza robo saa tukitafutana. Mkiweza njooni na zote mbili, tulinganishe aya moja au mbili.

Sura hii naomba msiirukie. Ndipo Yusuf anapoachwa kwa Hamid, mwenye duka, katika mji ulio chini ya mlima. Kwenye kundi letu la simu ubishi umeshaanza: ule mji ni Moshi au siyo? Mimi naona tukitafuta Mnara wa Saa humo ndani tutakosa utamu wenyewe. Angalieni zaidi namna watu wa pwani wanavyowazungumzia watu wa mlimani, sisi wenyewe hao, na mtoto aliyewekwa rehani anavyosikiliza kimya huku anapanga magunia. Mimi kuna mahali nilicheka, halafu nikaona aibu kucheka. Sisemi ni wapi. Kila mmoja aweke alama mahali pake, aje atusomee kwa sauti.

Nakala ya ziada iko moja tu, ninayo mimi. Shemeji Elibariki aliiomba kwanza; akimaliza kabla ya tarehe 7 ataipitisha kwa Neema. Tafadhali msikunje kona za kurasa, ile siyo daftari la mikopo.

Asiyeweza kuja anijulishe mapema, Mama Aika ajue ukubwa wa sufuria.

Wenu,
Anande