Ombi la Ruhusa ya Masomo yenye Malipo kwa Miezi Sita ili Kukamilisha Shahada ya Uzamivu

Ofisi ya Makamu Mkuu wa Shule,
Nansio,
UKEREWE.

12 Januari 2026

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Ukerewe,
NANSIO.

K.K. Mkuu wa Shule

K.K. Afisa Elimu Sekondari (W)

YAH: OMBI LA RUHUSA YA MASOMO YENYE MALIPO KUANZIA TAREHE 1 JULAI HADI 31 DESEMBA 2026

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba ruhusa ya masomo ya miezi sita nikiendelea kupokea mshahara wangu, ili nikamilishe utafiti na uandishi wa tasnifu ya Shahada ya Uzamivu ya Elimu. Nimesajiliwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania tangu Oktoba 2022, nikisoma huku nikiwa kazini. Ada nimelipa mwenyewe na nitaendelea kuilipa. Siombi ada, nauli, posho ya kujikimu wala gharama za uchapaji. Ninachoomba ni muda na mshahara tu.

Naleta ombi hili Januari kwa sababu mpango wa mafunzo wa mwaka wa fedha 2026/27 bado unaandaliwa. Likikubalika, naomba jina langu liingizwe humo mapema. Ruhusa inayokuja baada ya mpango kupitishwa humletea Afisa Utumishi hoja ya ukaguzi, na mtumishi hubaki na barua ambayo mshahara wake unaweza kuhojiwa.

Utafiti wenyewe na hatua uliyofikia

Utafiti unahusu mahudhurio ya wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu katika kata zenye mialo ya dagaa, na uhusiano wake na mzunguko wa mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza taa huwavuta, na mbalamwezi ikikomaa taa hazifui dafu, hivyo mitumbwi hupumzika. Kazi ya mwaloni kwa hiyo haiendi kwa Jumatatu na Ijumaa, inakwenda kwa giza na mbalamwezi, wakati ratiba ya shule inakwenda kwa wiki. Swali langu ni kama utoro tunaouandika kila muhula kuwa ni wa "nidhamu" unafuata kalenda hiyo ya pili, na kwa wanafunzi gani.

Pendekezo la utafiti limetetewa na kupitishwa. Kibali cha chuo, cha Katibu Tawala wa Mkoa na cha Halmashauri ninavyo. Madaftari ya mahudhurio ya shule sita ya mwaka 2023 hadi 2025 yamenakiliwa kwa namba, bila majina ya wanafunzi. Sura tatu za mwanzo zimesomwa na wasimamizi na kurekebishwa. Kilichobaki ni kazi ya mwaloni, uchambuzi na sura tatu za mwisho. Hiyo ndiyo sehemu isiyowezekana nikiwa ofisini.

Kwa nini likizo ya mwaka na siku za mapumziko hazitoshi

Likizo ya mwaka ni siku 28. Kutoka mwezi mwandamo mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Hata nikiitumia likizo yote mfululizo, haifikishi mzunguko mmoja kamili, na mzunguko mmoja hauthibitishi chochote: mvua ya siku tatu au upepo mkali ziwani unatosha kuuharibu. Wasimamizi wanataka mizunguko mitatu mfululizo, takriban siku 89. Likizo niliyochukua wiki mbili za kwanza za Juni 2025 iliangukia mbalamwezi ya tarehe 11, mitumbwi ikiwa imepandishwa nchi kavu.

Jumamosi na Jumapili nazo hazisaidii, na hapa ndipo wengi hushauri nifanyie kazi hiyo. Siku hizo hakuna daftari la mahudhurio, kwa hiyo mtoto anayeanika dagaa Jumamosi si mtoro. Mtoro ni yule wa Jumanne asubuhi. Mitumbwi hurudi alfajiri na kuanika huendelea hadi jua linapopanda. Saa 1:30 asubuhi mimi natakiwa kwenye mstari wa shule. Saa hizo mbili zinagongana kila siku ya kazi.

Nitakavyotumia miezi sita

Mwezi utaandama karibu na tarehe 14 Julai, 12 Agosti na 11 Septemba. Katika wiki mbili zinazozunguka kila tarehe nitakuwa mialoni kuanzia alfajiri, mzunguko wa kwanza Ukara, wa pili Irugwa na wa tatu kisiwa kikuu. Mbalamwezi za 29 Julai, 28 Agosti na 26 Septemba nitazitumia kwa mahojiano na wazazi, wenye mitumbwi na viongozi wa BMU, kwa kuwa hapo ndipo wanapatikana mchana wakiwa hawana usingizi wa kufidia. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 hatahojiwa bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, na ridhaa yake mwenyewe.

Oktoba ni ya kulinganisha madaftari na kalenda ya mwezi. Novemba na wiki mbili za kwanza za Desemba ni za kuandika sura ya nne hadi ya sita. Tarehe 15 Desemba rasimu kamili itakuwa mikononi mwa wasimamizi. Siku zilizobaki nimeziacha wazi kwa makusudi, maana ziwa likichafuka meli hazisubiri ratiba ya mtafiti, na siku nne au tano zinaweza kupotea nikiwa ng'ambo ya pili.

Utahini na utetezi wa tasnifu utafuata mwaka 2027, kwa tarehe itakayopangwa na chuo. Kwa hilo nitaomba siku tano tu za kazi, na zinaweza kukatwa kwenye likizo yangu ya mwaka huo.

Kazi za shule wakati sipo

Nimechagua Julai kwa sababu ratiba ya vipindi ya mwaka itakuwa imeshatulia na usajili wa watahiniwa wa kidato cha nne utakuwa umekamilika. Nitarudi tarehe 1 Januari 2027, kabla ya kupokea kidato cha kwanza na kupanga ratiba mpya, ambayo ndiyo kazi nzito kuliko zote za makamu. Mtihani wa taifa wa Novemba utanikuta nje, nami silifichi hilo. Usimamizi wa chumba hufanywa na walimu wanaotoka shule nyingine, na maandalizi ya kituo yako chini ya Mkuu wa Shule. Pengo litakalohisiwa ni la zamu na nidhamu katika wiki hizo, si la mtihani wenyewe.

Nafundisha Jiografia vipindi 12 kwa wiki: sita kidato cha tatu na sita kidato cha nne. Mada za kidato cha nne nitazimaliza kabla ya likizo ya Juni, kwa hiyo atakayepokea atakuwa na marudio na majaribio tu. Walimu wawili wa somo wamekubali kwa maandishi. Mwenye vipindi 18 atachukua kidato cha tatu na kufikia 24, mwenye 16 atachukua kidato cha nne na kufikia 22. Ni mzigo, lakini unabebeka. Kumpa mmoja vyote 12 kungemfikisha 28 au 30, na hapo daftari za wanafunzi ndizo huacha kusahihishwa kwanza.

Kuhusu kukaimu, napendekeza mwalimu wa nidhamu, na shughuli zake za nidhamu zigawiwe walezi wa madarasa. Wapo watakaomtaja mwalimu wa taaluma kwa kuwa ni mwandamizi zaidi. Kwa maoni yangu asibebeshwe, kwa sababu Septemba na Oktoba ndiyo miezi anayokusanya na kuhakiki alama za maendeleo ya watahiniwa. Alama ikikosewa hapo, mwanafunzi ndiye huilipa. Uteuzi ni wa Mkuu wa Shule na wako, na stahili za anayekaimu naziacha kwa Afisa Utumishi kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma.

Makabidhiano yatafanyika tarehe 22 hadi 26 Juni, kwa maandishi, mbele ya Mkuu wa Shule: daftari la zamu, faili za mashauri ya nidhamu ambayo hayajafungwa, funguo za stoo ya vitabu pamoja na hesabu ya vitabu, na nakala ya ratiba katika mfumo wa kompyuta. Nywila sitazikabidhi kwa mdomo. Anayekaimu afunguliwe akaunti yake, na yangu ifungwe hadi nitakaporudi.

Halmashauri itapata nini, na itajilindaje

Ifikapo tarehe 31 Machi 2027 nitawasilisha kwa Afisa Elimu Sekondari taarifa ya Kiswahili isiyozidi kurasa 20, pamoja na kalenda ya mwaka inayoonyesha siku za giza pembeni ya mihula. Iwapo uchambuzi utaonyesha kuwa utoro unafuata giza, mwalimu wa taaluma ataweza kuhamisha majaribio ya kila mwezi kwenda wiki za mbalamwezi bila kutumia shilingi. Ukionyesha vinginevyo, hilo pia litakuwa limeandikwa, nasi tutaacha kuwasingizia dagaa.

Niko tayari kusaini mkataba wa kurejea kazini na kuitumikia Halmashauri kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya ruhusa, na kurejesha mishahara ya kipindi hicho nikiondoka kwa hiari kabla yake. Taarifa ya maendeleo yenye saini ya msimamizi nitaileta tarehe 30 Septemba na 15 Desemba. Ya Septemba isipoonyesha mizunguko miwili iliyokamilika, nirudishwe kazini Oktoba.

Endapo miezi sita haitawezekana, naomba angalau minne, kuanzia 1 Julai hadi 31 Oktoba, kisha uandishi nitaufanya usiku baada ya kazi. Nakusihi hata hivyo muda huo usikatwe vipande vya wiki mbilimbili. Vipande vitaigharimu Halmashauri mshahara uleule na kuvunja mizunguko ambayo ndiyo sababu ya ombi lenyewe.

Nitafika ofisini kwako kwa maelezo zaidi siku yoyote nitakayoitwa.

Nawasilisha.

Wako mtiifu katika utumishi,

Mwl. Perpetua J. Magesa
MAKAMU MKUU WA SHULE

Viambatisho: barua ya udahili na uthibitisho wa usajili, barua ya msimamizi kuhusu hatua ya utafiti, nakala za vibali vitatu, makubaliano ya walimu wawili wa Jiografia, hati ya mshahara ya Desemba 2025 yenye namba yangu ya cheki.

Nakala: Afisa Utumishi (W), Katibu Msaidizi, Tume ya Utumishi wa Walimu, Wilaya ya Ukerewe.