Muhtasari wa Kikao cha 9 cha Wiki: Mradi wa Kuhamishia Taarifa za Wateja Kwenye Mfumo Mpya

Tarehe: Jumanne, 10 Machi 2026, saa 3:00 hadi saa 4:10 asubuhi
Waliohudhuria: Bi. Rehema (Mwenyekiti, msimamizi wa mradi), Bw. Juma (mifumo na seva), Bi. Neema (usafishaji wa taarifa), Bw. Hamisi (huduma kwa wateja), Bi. Zawadi (Katibu)
Udhuru: Bw. Salum (mafunzo), yuko likizo ya ugonjwa

1. Kufungua kikao na kuthibitisha muhtasari uliopita

Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:00. Muhtasari wa kikao cha 8 ulithibitishwa bila marekebisho.

2. Yatokanayo

Kazi 8/1 (akaunti za majaribio kwa watumishi sita) imekamilika. Kazi 8/3, mwongozo wa watumiaji, inasogezwa kwa mara ya pili. Bw. Hamisi aliomba isisogezwe tena, kwa sababu watu wake ndio watakaopokea simu za wateja siku ya kwanza na hawajaona hata ukurasa mmoja. Kwa kuwa Bw. Salum anaumwa, Bw. Hamisi mwenyewe atauchukua.

3. Matokeo ya uhamishaji wa majaribio

Bi. Neema alieleza kuwa rekodi 2,000 zilihamishwa Alhamisi iliyopita. Idadi ilitimia pande zote mbili, na kwa hiyo ripoti ya mfumo ilionyesha mafanikio. Hata hivyo, alipokagua rekodi 50 moja moja kwa macho, alikuta namba za wateja zimepoteza sifuri za mwanzo.

Alionyesha mfano kwenye skrini. Mteja namba 00417 ameingia kama 417. Namba 417 nayo ipo, ni ya mteja mwingine aliyesajiliwa kabla utaratibu wa tarakimu tano haujaanza. Malipo ya wote wawili yakaangukia rekodi moja. Baada ya kuona hilo alipitia rekodi zote 2,000 na kukuta 312 zimeathirika, zote kutoka faili moja.

Chanzo kimejulikana: faili hilo lilifunguliwa kwenye Excel kwa ajili ya kupanga majina, likahifadhiwa tena. Excel huichukulia safu ya tarakimu kuwa hesabu na kuondoa sifuri za mbele, isipokuwa safu iwe imewekwa `Text` kabla ya kuingiza taarifa. Kubadilisha safu baadaye hakurudishi sifuri zilizokwisha kupotea. Faili la awali lipo salama, hivyo hakuna taarifa ya mteja iliyopotea.

Mwenyekiti alimshukuru Bi. Neema kwa kutoridhika na idadi peke yake, na akataka shukrani hiyo iandikwe.

Azimio 9/A: Hakuna faili la uhamishaji litakalofunguliwa na kuhifadhiwa kwa mkono. Usafishaji wote utafanywa kwa skripti, juu ya nakala.
Azimio 9/B: Kila awamu itakaguliwa kwa idadi, kwa jumla ya salio la wateja, na kwa rekodi 50 zilizochaguliwa bila mpangilio.

4. Nakala rudufu

Bw. Juma alisema nakala huchukuliwa kila usiku. Alipoulizwa ni lini nakala mojawapo ilirejeshwa ikafanya kazi, alijibu kuwa haijawahi kujaribiwa. Kikao kilikubaliana kuwa nakala isiyojaribiwa haiwezi kutegemewa usiku wa kuhama.

Azimio 9/C: Nakala irejeshwe kwenye seva ya majaribio, na muda uliotumika uandikwe.

5. Tarehe ya kuhama

Hapa palikuwa na mvutano. Bw. Juma alitaka Jumamosi 21 Machi ibaki, kwani seva imeshatengwa. Bi. Neema alisema hawezi kutia sahihi kabla jaribio la pili halijafanyika. Bw. Hamisi alimuunga mkono.

Azimio 9/D: Kuhama kutafanyika Jumamosi 28 Machi. Ikiwa jaribio la pili litakuwa na kosa lolote la namba ya mteja, tarehe itajadiliwa upya.

6. Mengineyo

Hayakuwepo.

Jedwali la utekelezaji

| Na. | Kazi | Mhusika | Mwisho | Hali |
|---|---|---|---|---|
| 8/3 | Mwongozo wa watumiaji, rasimu kamili | Bw. Hamisi | Jumatatu 16 Machi | Imechelewa |
| 9/1 | Kuandaa upya faili lenye rekodi 312 kutoka faili la awali | Bi. Neema | Alhamisi 12 Machi | Imeanza |
| 9/2 | Kurejesha nakala kwenye seva ya majaribio | Bw. Juma | Ijumaa 13 Machi | Mpya |
| 9/3 | Jaribio la pili, rekodi 2,000 zilezile | Bi. Neema na Bw. Juma | Jumatatu 16 Machi | Linasubiri 9/1 |
| 9/4 | Kuongeza muda wa seva hadi 31 Machi | Bw. Juma | Jumatano 11 Machi | Mpya |
| 9/5 | Kuwajulisha wakuu wa idara tarehe mpya na sababu yake | Bi. Rehema | Leo, 10 Machi | Mpya |

7. Kufunga kikao

Kikao kilifungwa saa 4:10. Kikao cha 10 ni Jumanne 17 Machi, saa 3:00 asubuhi. Mwenye marekebisho amletee Katibu kabla ya Alhamisi jioni.

Umeandikwa na Bi. Zawadi, Katibu.